Kapsuli za Kahawa: Taka Zake, Kapsuli za Kujaza Upya na Zile Zinazooza. Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanamlenga mtu ambaye tayari ana mashine ya kahawa ya kapsuli jikoni, iwe aliinunua au alipewa zawadi, na sasa anaona pesa na taka vikienda pamoja. Nimechukua mfano wa mashine ndogo ya Nespresso ya aina ya mwanzo, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu kwa mkono, na kwa sababu kapsuli zake za kujaza upya ni rahisi kupatikana. Bei ni za Uingereza, ninakoishi, na ni zile zilizomo katika daftari letu la matumizi ya nyumbani. Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Toronto aweke bei za kwao na arudie hesabu kwa mpangilio huohuo.

Kapsuli moja ni ndogo sana. Je, taka zake zina uzito wowote wa kuzungumzia?

Kapsuli tupu ya alumini ina uzito wa takriban gramu 1, na ndani yake huwa na kahawa ya gramu 5 hadi 6. Nyumba yenye watu wawili ambao kila mmoja hunywa vikombe viwili kwa siku hutumia kapsuli 4 kwa siku, yaani 1,460 kwa mwaka. Alumini yote hiyo, ikikusanywa, haizidi sana kilo moja na nusu. Kwa kweli uzito wa chuma chenyewe si mkubwa kama watu wengi wanavyodhani, na haifai kuukuza.

Tatizo ni mchanganyiko. Kila kapsuli iliyotumika ni machicha ya kahawa yaliyolowa, yamefungiwa ndani ya alumini au plastiki, na kifuniko kimebanwa kwenye ukingo. Machicha peke yake yangeweza kwenda bustanini, na alumini peke yake ingeweza kuyeyushwa, lakini vikiwa vimeshikana namna hiyo hakuna kinachofika mahali pake mpaka mtu avitenganishe. Anayetupa kapsuli kwenye pipa la kawaida hutupa vyote viwili, na machicha ndiyo mengi zaidi: kwa mfano wetu ni kilo 8 za kahawa kwa mwaka kabla ya kuhesabu maji yaliyobaki ndani yake.

Kwani alumini si inayeyushwa na kutumika tena?

Inayeyushwa, na ni kazi yenye faida kubwa, kwa maana kuyeyusha alumini ya zamani kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa kwenye mawe yake. Sharti ni kwamba kapsuli ifike kiwandani. Ikitupwa kwenye pipa la kuchakata pamoja na makopo na chupa, mara nyingi huangukia kwenye matundu ya vichujio pamoja na vipande vingine vidogo, kisha huondolewa kama uchafu. Ndiyo maana kuna mipango maalumu ya kuzikusanya. Hapa Uingereza upo mpango wa Podback, ulioanza mwaka 2021, ambapo mtu huzijaza kapsuli kwenye mfuko maalumu na kuupeleka kwenye kituo, au baadhi ya halmashauri huuchukua mlangoni.

Ikiwa umeamua kuendelea na kapsuli za kawaida, tumia mpango wa namna hiyo. Hata hivyo, mpango huo hupunguza taka bila kupunguza hata senti moja ya matumizi yako, na swali la pesa hubaki palepale.

Kahawa ya kapsuli ni ghali kiasi gani ikilinganishwa na ya kusagwa?

Bei ya kapsuli huandikwa kwa boksi, kwa hiyo macho hayaoni bei ya kahawa yenyewe. Igeuze iwe bei ya kilo. Kapsuli za dukani tulizokuwa tukinunua zilikuwa peni 28 kila moja, zikiwa na kahawa ya gramu 5.5. Ukigawanya, unapata takriban pauni 51 kwa kilo. Mfuko wa kahawa ya kusagwa wa gramu 250 katika rafu ya jirani ulikuwa pauni 4.50, sawa na pauni 18 kwa kilo.

Kwa mwaka mzima, kapsuli 1,460 kwa peni 28 zinafika karibu pauni 409. Kahawa ya kusagwa kwa vikombe hivyohivyo, nikiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya inayomwagika na vikombe vinavyoharibika, ni takriban kilo 8.8, yaani pauni 159. Tofauti ni pauni 250. Kapsuli mbili za kujaza upya za chuma cha pua, pamoja na kijiko chake na kifaa cha kushindilia, zilitugharimu pauni 24. Kila kikombe kikiokoa takriban peni 17, gharama hiyo inarudi baada ya vikombe 140 hivi, ambavyo kwetu ni siku 35.

Hesabu hii hubadilika sana kwa anayekunywa kidogo. Mtu wa kikombe kimoja kwa siku atasubiri karibu miezi mitano ili arudishe gharama, na hapo ni vizuri ajiulize kama ana subira ya kuosha na kujaza kila asubuhi.

Kapsuli "zinazooza" huoza kweli nikizichimbia bustanini?

Inategemea alama iliyo kwenye boksi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotea. Nyingi kati ya kapsuli hizi hutengenezwa kwa plastiki ya mimea iitwayo PLA, itokanayo na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, na nyingine kwa nyuzi za karatasi. PLA huoza vizuri kwenye kiwanda cha mboji, ambako lundo hukaa kwenye joto la takriban nyuzi 60 za Selsiasi kwa wiki kadhaa. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinapima hali hiyo: baada ya wiki 12, angalau asilimia 90 ya kitu iwe imesagika kiasi cha kupita kwenye kichungio chenye matundu ya milimita 2. Lundo la bustani ya kawaida, lenye maganda ya viazi na majani makavu, halifiki joto hilo, au hulifika kwa siku chache tu na kupoa.

Kipimo cha nyumbani ni kingine. Alama ya "OK compost HOME" hutolewa kwa kitu kilichojaribiwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30, na hupewa muda mrefu zaidi: miezi 6 ya kusagika na hadi miezi 12 ya kuoza kabisa. Alama ya "OK compost INDUSTRIAL" ni ya kiwandani tu, ingawa zote mbili zinafanana kwa rangi na umbo, na mtu mwenye haraka dukani huona neno la kwanza na kuacha la mwisho.

Niliwahi kuzika kapsuli ishirini za aina ya kiwandani katika lundo letu mwezi wa Machi. Nilipoligeuza lundo mwezi wa Desemba, vifuniko vya karatasi vilikuwa vimekwisha na machicha yamegeuka udongo, lakini vikombe vyenyewe vilikuwa vizima, na ukingo wa kila kimoja ulikuwa mgumu vilevile kiasi cha kutoa mlio nilipougonga kwa ukucha. Niliviokota kimoja kimoja na kuvitia kwenye pipa la taka.

Basi nizitupe kwenye pipa la mabaki ya chakula?

Uliza halmashauri yako kabla ya kununua. Sehemu nyingi za Uingereza hupeleka mabaki ya chakula kwenye matangi yaliyofungwa yasiyo na hewa, ambako hutolewa gesi ya kuzalisha umeme. Huko, vitu vyote vinavyofanana na plastiki huchambuliwa mwanzoni na kuondolewa, viwe vinaoza au haviozi, kwa sababu mashine haiwezi kuvitofautisha na tangi halivimalizi. Ujerumani pia kapsuli hizi kwa kawaida hazikubaliwi kwenye pipa la taka za kikaboni, hata zikiwa na alama. Usizitie kwenye pipa la plastiki pia, kwa maana PLA ikichanganyika na plastiki nyingine huiharibu.

Kwa miji ya Afrika Mashariki, ambako kwa kaya nyingi hakuna gari linalokusanya taka za mboji kupeleka kiwandani, kapsuli ya aina ya kiwandani itaishia dampo pamoja na taka nyingine. Mwenye shamba au bustani anaweza kufaidika na ile yenye alama ya nyumbani, mradi lundo lake lina unyevu na hugeuzwa.

Je, kapsuli zinazooza ni nafuu?

Hapana. Tulizozijaribu zilikuwa peni 36, ambazo kwa mwaka zingetuongezea karibu pauni 117 juu ya kapsuli za kawaida. Kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka ufungue boksi: karatasi na PLA haziizuii hewa kama alumini inavyoizuia, kwa hiyo watengenezaji wengi huzifunga kapsuli hizo ndani ya mfuko wa pili wenye tabaka za plastiki au foili, na mfuko huo hauozi. Ukishafunguliwa, kahawa huanza kupoteza harufu, na ni bora kuimaliza ndani ya wiki mbili au tatu.

Ninazipendekeza kwa nyumba ya aina moja tu: ile ambayo mmoja wa watu wake hawezi au hataki kabisa kujaza kapsuli kwa mkono, na ambayo imehakikisha kwamba kuna mahali panapozipokea.

Kapsuli ipi ya kujaza upya inafaa?

Zipo za aina tatu. Ya plastiki ni rahisi kwa bei, lakini joto na shinikizo huipinda baada ya miezi michache, na ukingo uliopinda huvuja. Ya chuma yenye kifuniko cha foili cha kubandika hutoa kahawa nzuri na povu zuri, lakini kila kikombe kinahitaji kifuniko kipya. Kifuniko kikiwa peni 4, kwa mwaka utalipa pauni 58, na utakuwa umerudisha nyumbani sehemu ya ile alumini uliyokuwa unaikimbia. Ya tatu ni ya chuma cha pua yenye kifuniko chake cha chuma na mpira wa silikoni kwenye ukingo, na hii ndiyo ninayomshauri mwenye kuangalia bajeti. Nunua mbili, siyo moja, ili ya pili ijazwe wakati ya kwanza bado ni ya moto, na hakikisha mpira wa akiba umo kwenye kifurushi.

Kabla ya kulipa, soma kama muuzaji ametaja jina na namba ya mashine yako. Kapsuli hizi hutofautiana kwa sehemu ya milimita, na sehemu hiyo ya milimita ndiyo huamua kama mkono wa mashine utafunga au utakwama.

Nijaze vipi ili kahawa isitoke maji matupu?

Washa mashine na uipitishe maji ya moto bila kapsuli, ili kikombe na njia ya maji vipate joto. Chuma cha pua ni kizito kuliko alumini nyembamba na hunyonya joto la maji, kwa hiyo anayeruka hatua hii hupata kahawa vuguvugu yenye uchachu.

Kausha kapsuli vizuri. Tia kahawa mpaka karibu na ukingo, kiasi cha gramu 5 hadi 6. Kama una mizani ya jikoni inayosoma gramu, itumie kwa wiki ya kwanza mpaka jicho lizoee. Shindilia kidogo kwa kifaa chake, kwa uzito wa kidole gumba tu, kwani hapa hakuna haja ya kukandamiza kama wanavyofanya mabarista wa mikahawani. Kisha futa ukingo kwa kidole kikavu mpaka usione hata punje moja ya kahawa, kwa sababu punje moja chini ya mpira inatosha kufungua njia ya maji. Funga kifuniko, iweke kwenye mashine, na ushushe mkono polepole. Ukihisi ugumu usio wa kawaida, usilazimishe. Itoe kapsuli na uangalie kama kifuniko kimekaa sawa.

Kahawa ikitoka vizuri, kikombe kidogo cha mililita 40 hujaa kwa sekunde 20 hadi 30, ikianza kwa matone meusi na kumalizia kwa uzi mwembamba wa rangi ya asali.

Nini huharibika, na nitajuaje?

Tazama na usikilize. Maji yakitoka kwa kasi, meupe, na kikombe kikajaa kwa sekunde kumi, kahawa imesagwa kwa chenga kubwa mno au imejazwa kidogo. Pampu ikiunguruma kwa sauti nzito na kutoa tone moja moja, kahawa ni laini mno au imeshindiliwa kupita kiasi, nawe zima mara moja, kwa maana pampu inasukuma mahali pasipopitika. Kikombe kikijaa nusu huku boksi la kapsuli zilizotumika likiwa na maji mengi, mpira umeachia au ukingo ulikuwa na punje.

Usagaji ndio uliotusumbua zaidi. Shangazi alituletea kutoka Moshi kilo mbili za kahawa nzuri ya Kilimanjaro, iliyosagwa tayari, na nilifurahi kwamba hatimaye mashine ile ingetoa kahawa ya nyumbani. Kikombe cha kwanza hakikutoka kabisa. Kahawa ile ilikuwa imesagwa kwa ajili ya kuchemshwa, laini kama unga wa poda, na ndani ya kapsuli iligeuka tope lililoziba kila tundu. Nilijaribu kupunguza kiasi mpaka gramu 4, ikapita kwa shida na kuacha chembe nyeusi chini ya kikombe. Mwishowe tuliichemsha kwenye sufuria kama ilivyokusudiwa, na ilikuwa kahawa tamu. Tangu hapo shangazi akiuliza atuletee nini, humwambia: "Shangazi, tuletee buni zilizokaangwa, usizisage." Tunasaga wenyewe kwa kinu kidogo cha mkono, mpaka chenga ziwe ndogo kuliko chumvi ya mezani lakini bado zinahisika katikati ya vidole. Anayenunua iliyosagwa aangalie mfuko ulioandikwa kwamba ni ya espreso, si ya kuchemsha wala ya chujio.

Usafi nao una sehemu yake. Mafuta ya kahawa hubaki kwenye matundu ya kapsuli na baada ya siku chache hutoa ladha chungu ya kuvunda. Suuza kwa maji ya moto kila baada ya kikombe, na mara moja kwa wiki iloweke kwa nusu saa kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, kisha upitishe mswaki wa zamani kwenye matundu. Kumbuka pia kwamba kapsuli hii haitupwi. Mwonye kila mtu wa nyumbani, la sivyo siku moja itaondoka na machicha.

Je, udhamini wa mashine hautapotea?

Soma kitabu chake. Watengenezaji kwa kawaida huandika kwamba hawatagharamia uharibifu uliosababishwa na kapsuli isiyo yao. Hatari iliyo ya kweli ni mbili: meno yanayotoboa kapsuli yanaweza kugonga chuma na kuwa butu ikiwa tundu la kapsuli halilingani nayo, na mpira wa ndani ya mashine unaweza kuchakaa mapema kwa kubanwa na ukingo mgumu. Kwa mashine mpya yenye udhamini wa miaka miwili, binafsi ningesubiri uishe. Kwa mashine ya zamani, au iliyonunuliwa mtumba, hakuna cha kusubiri.

Mashine yangu si ya aina hiyo. Nifanyeje?

Mashine za Keurig, zilizoenea Marekani na Kanada, ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu hazina shinikizo kubwa, na kikapu chake cha kujaza hupokea kahawa ya chujio iliyosagwa kwa kiasi. Kampuni hiyo ilijaribu mwaka 2014 kutoa mashine iliyokataa kapsuli zisizo na alama yake, wateja wakalalamika sana, na mwaka uliofuata ilikubali kurudisha kikapu cha kujaza.

Nespresso ya Vertuo ni ngumu zaidi. Huizungusha kapsuli kwa kasi na kusoma mistari iliyochapishwa kwenye ukingo wake ili ijue kiasi cha maji, na kapsuli tupu ya chuma haina mistari hiyo. Wengine huosha kapsuli ya asili na kuifunika tena kwa foili au kifuniko cha silikoni, jambo linalowezekana kwa mara chache kabla ukingo haujapinda. Mwenye mashine hii na bajeti ndogo afanye hesabu upya kwa makini.

Sina mashine bado. Ninunue, kisha nitumie kapsuli ya kujaza?

Usinunue. Faida ya kapsuli ni kwamba hujazi wala huoshi, na ukishaanza kujaza, faida hiyo umeiacha. Kwa bei ndogo kuliko ya mashine unapata birika la moka, lile la Kiitaliano lililobuniwa mwaka 1933, linalokaa juu ya jiko la gesi au umeme na kutoa kahawa nzito kwa dakika tano. Halina karatasi wala kapsuli, na kinachochakaa ni mpira mmoja unaobadilishwa kwa bei ndogo. Machicha yake, kama ya kapsuli ya chuma, unayagonga moja kwa moja kwenye ndoo ya mboji.